Mkojo kama strungi: kisa cha mtoto wa Mambrui ambaye seli zake nyekundu zilipasukia ndani ya mshipa

Jumamosi moja mida ya saa nne asubuhi aliingia mama mmoja kutoka Mambrui kwenye maabara yetu hapa Malindi, amembeba kijana wake wa miaka mitano mgongoni na leso, mkononi ana kichupa cha maji, na ndani ya kile kichupa kuna mkojo rangi ya strungi iliyochemshwa mpaka ikawa nzito. Akaniambia kaka, huu ndo mkojo wake tangu jana magharibi, na huyu mtoto juzi alikuwa anacheza mpira. Nilimwangalia mtoto, midomo meupe, viganja vyeupe, macho yana umanjano, anapumua haraka na hataki kuongea. Mama ameniruhusu nisimulie bila majina, na naisimulia yote manake hiki kisa kimebeba ndani yake karibu kila kitu ambacho watu huchanganya kuhusu damu inayovunjika.

Kabla ya kufika kwetu walikuwa wamepita kwa chemisti mmoja, wakapimwa mkojo kwa dipstiki, kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, ikaonyesha damu plus tatu, wakaambiwa ni kichocho. Sio wazo la ajabu, huku pwani mtoto wa kiume akikojoa damu kitu cha kwanza mtu anafikiria ni kichocho, hasa kama anaoga madimbwini. Akapewa prazikuanteli na juu yake nitrofurantoini, kwamba pengine kuna infeksheni ya mkojo pia. Prazikuanteli alikuwa ameshameza. Ile nitrofurantoini ilikuwa bado kwenye mkoba na nilimwambia mama asimpe hata kidonge kimoja mpaka tujue tunashughulika na nini, sababu mtaiona mbele.

Sasa jambo la kwanza kuelewa ni kwamba kile kipande cha kupimia damu kwenye dipstiki hakioni seli. Kinachokiona ni himu, ile sehemu ya himoglobini yenye chuma, kwa hivyo kitabadilika rangi kama kuna seli nyekundu nzima, kama kuna himoglobini iliyo huru bila seli, na hata kama kuna mayoglobini iliyotoka kwenye misuli. Vitu vitatu tofauti kabisa, rangi moja. Ukiishia kwenye dipstiki umejua tu kwamba kuna himu, hujajua imetoka wapi.

Nikaomba mkojo mpya, sio ule wa kwenye kichupa, kwa sababu mkojo ukikaa masaa au ukiwa mwepesi sana seli nzima zinaweza kupasukia humo humo kwenye chupa, halafu utasema hakuna seli kumbe zilikuwepo. Ule mpya nao ulitoka vile vile rangi ya strungi. Dipstiki: damu plus tatu, protini plus moja, nitraiti hakuna, bilirubini hakuna, urobilinojeni imepanda. Nikauzungusha kwenye sentrifuji nikaweka machicha yake kwenye maikroskopu. Seli nyekundu moja au hakuna kwa kila eneo nililoangalia, mayai ya kichocho hakuna. Kwa kichocho ningeona seli nyekundu tele, na mara nyingi mayai yenye ule mwiba wa mwishoni, na mama angeniambia damu inakuja zaidi mwisho wa kukojoa. Hapa mkojo mzima ulikuwa na rangi moja mwanzo mpaka mwisho na ukizungushwa haukai mwekundu chini na mweupe juu, unabaki strungi vile vile. Yaani rangi imeyeyuka ndani ya maji yenyewe.

Ikabaki himoglobini huru au mayoglobini. Hii inaamuliwa kwa damu, sio kwa mkojo. Mayoglobini ni ndogo na figo zinaitoa upesi, kwa hivyo mtu aliyeumia misuli ana mkojo mweusi lakini plazima yake, yale maji ya damu yanayobaki juu seli zikishatuama, ni safi. Nikatoa damu taratibu kwa sindano isiyo nyembamba sana, bila kuvuta kwa nguvu, nikaizungusha. Plazima ilitoka rangi ya waridi iliyochanganyika na manjano. Hapa lazima niseme kitu ambacho kinaharibu majibu kila siku: ukivuta damu ya mtoto kwa nguvu na sindano nyembamba, seli zinapasukia kwenye bomba na plazima itakuwa ya waridi hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa hivyo nilitoa mara ya pili kwa mkono mwingine, ikawa vile vile, na zaidi ya hapo mkojo wenyewe tayari ulikuwa na himoglobini, ambayo haiwezi kuingia kwenye mkojo kwa kosa la sindano yangu.

Himoglobini yake ilikuwa gramu 6.2 kwa desilita. Mama alikuwa na kitabu cha kliniki, miezi miwili nyuma alipimwa 11.0. Malaria kwa kipimo cha haraka hakuna, na kwa kioo hakuna, nikaangalia filamu nene, yaani tone nene la damu kwenye kioo, kwa subira kabisa manake malaria kali yenyewe inaweza kuleta mkojo mweusi wa namna hii, na hata sindano ya atesuneti inaweza kuvunja damu wiki moja au zaidi baada ya mtu kupona. Mama akasema hajachomwa sindano yoyote mwaka huu.

Kwenye filamu nyembamba ndo nikakaa. Kulikuwa na seli nyekundu ambazo zimekatwa pembeni, nusu duara safi imetoka kama mtu amemega andazi kwa meno. Nyengine himoglobini yote imesukumwa upande mmoja na upande wa pili umebaki kama lengelenge tupu. Nikachukua damu kidogo nikaichanganya na rangi ya methili violeti, nikasubiri, na ndani ya seli nyingi kukaonekana vidoa vya zambarau vimegandia kwenye ukuta wa seli. Hivi vinaitwa vijibonge vya Hainzi, ni himoglobini iliyoungua na kuganda. Kwa filamu ya kawaida hutaviona, ndo maana mtu asiyetumia rangi hiyo anavikosa.

Kuungua kunatokana na kemikali. Daktari wetu wa kliniki akaanza kuuliza dawa, akataja za salfa, dapsoni, primakwini, mama anatikisa kichwa hapana hapana. Wakati huo bibi yake mtoto naye alikuwa ameshafika. Daktari akamwamkia, shikamoo bibi, akajibu marahaba, akakaa, halafu akasema maneno ambayo yalifungua kila kitu: huyu Jumatano nilimkuta kwenye kasha langu la nguo ana kafuri mdomoni, nikamtoa, nikampiga kofi la mkono, nikadhani ameitema yote.

Sasa kafuri. Bibi zetu wanaita kafuri kila kitu cheupe kinachonukia kwenye kasha, lakini kafuri ya kweli haivunji damu, yenyewe inaleta degedege, na inafanya hivyo haraka, ndani ya masaa. Kinachovunja damu ni naftalini, zile tembe nyeupe za duara zinazofanana kabisa na peremende. Na kuna aina ya tatu, tembe za dikolorobenzini, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha na naftalini na hazina tabia hiyo kwa kiwango kama hicho. Nikamwomba mama amtume mtu nyumbani atuletee moja kutoka kwenye lile kasha. Ilipofika tukaitumbukiza kwenye glasi ya maji ya kawaida, ikazama. Kafuri ya kweli ingeelea. Halafu tukachukua nusu glasi ya maji ya vuguvugu tukakoroga chumvi ya Gongoni mpaka ikawa haiyeyuki tena inabaki chini, tukaacha ikatulia, tukaitumbukiza humo. Ikaelea. Dikolorobenzini ingezama hata kwenye chumvi. Inayozama kwenye maji matamu na kuelea kwenye chumvi iliyoshiba ni naftalini. Kipimo cha shilingi kumi, na kilitupa jibu ndani ya dakika mbili.

Muda nao ukalingana. Naftalini yenyewe haichomi seli, ini ndo linaigeuza kuwa vitu kama naftholi ambavyo vinachoma, na tembe inayeyuka tumboni polepole, kwa hivyo mtoto anakula Jumatano, Alhamisi anacheza, Ijumaa anatapika na kulegea, Ijumaa magharibi mkojo unageuka. Mzazi anayetafuta alichokula mtoto jana hatapata kitu. Inabidi urudi nyuma siku mbili tatu.

Lakini watoto wengi wanaramba hizo tembe na hawapati hivi kwa kiasi kidogo namna hiyo, kwa hivyo tukashuku upungufu wa kimeng'enya ambacho kwenye fomu za maabara kinaandikwa G6PD. Kazi yake ndani ya seli nyekundu ni kuipa seli nguvu ya kuzima moto wa kemikali. Seli nyengine za mwili zina njia nyengine za kuzima, seli nyekundu haina kiini, haina mitokondria, inategemea njia hii moja tu. Ikikatika na moto ukaja, himoglobini inaganda, ukuta wa seli unaungua, seli inapasuka pale pale ilipo, ndani ya mshipa. Na hii ndo sababu niliikataa ile nitrofurantoini, manake nayo ni miongoni mwa dawa zinazowasha moto huo huo. Mtoto alikuwa anapewa petroli azimie moto.

Kuna kitu kimoja cha pembeni ambacho karibu kitupoteze. Kile kifaa cha kidoleni cha oksijeni kilikuwa kinasoma 88, tukampa oksijeni, kikabaki 88 na 89, na kifua kiko safi kabisa. Nikadondosha tone la damu yake kwenye karatasi nyeupe na la kwangu pembeni yake. La kwangu likawa jekundu la kung'aa, lake likabaki kahawia kama chokoleti. Maana yake sehemu ya himoglobini imegeuka methimoglobini, haibebi oksijeni, na ile kifaa kinadanganyika. Dawa ya kawaida ya hiyo ni methileni buluu, na hapa ingekuwa hatari kubwa, kwa sababu methileni buluu inahitaji kile kile kimeng'enya ambacho mtoto anakosa ili ifanye kazi, na isipokipata inavunja seli zaidi. Daktari akaandika kwa herufi kubwa kwenye barua ya rufaa: ASIPEWE METHILENI BULUU.

Kabla hajaondoka kwenda hospitali kubwa nilifanya jambo moja ambalo nawasihi wenzangu wote mlifanye, nilitoa chupa mbili za ziada, moja ya kifuniko cha zambarau na moja nyekundu, nikaziandika tarehe na saa nikaziweka kwenye friji. Mtoto akishaongezewa damu ya mtu mwengine huwezi tena kujua ipi yake ipi ya mchangiaji.

Asubuhi ya Jumapili himoglobini ilikuwa imeshuka mpaka 4.8 na bado anahema, wakamwongezea seli zilizokamuliwa, mililita 160 manake ana kilo 16, na maji ya mshipani ili figo ziendelee kutoa mkojo. Kriatinini, kipimo cha kazi ya figo, haikupanda. Mkojo ulianza kufunguka rangi Jumatatu, Jumanne ulikuwa kama mkojo.

Majibu ya zile chupa zangu yalirudi kutoka Mombasa katikati ya wiki. Haptoglobini: chini ya gramu 0.1 kwa lita, yaani kifaa hakikuiona. Bilirubini jumla maikromoli 72 kwa lita, ile iliyounganishwa 8 tu. Kipimo cha kingamwili juu ya seli, kile cha Kumbsi, hakuna kitu.

Hapa kwenye haptoglobini nataka tukae kidogo kwa sababu ndo inayoeleweka vibaya zaidi. Haptoglobini ni protini inayotengenezwa na ini na kazi yake ni kukamata himoglobini iliyomwagika kwenye plazima. Ifikirie kama mkokoteni, unapakia himoglobini, unaipeleka kwa makrofaji, zile seli walaji zinazomeza vilivyochakaa, wa ini na bandama, lakini mkokoteni haurudi, unatupwa jalalani pamoja na mzigo wake. Mkokoteni mtupu unaishi siku tano hivi kwenye damu. Uliopakiwa unaondolewa ndani ya dakika. Kwa hivyo kumwagika kukianza, mikokoteni inaisha upesi na ini haliwezi kuitengeneza kwa kasi hiyo.

Piga hesabu kwa mtoto wetu. Kilo 16, damu yake yote ni kama lita moja na robo. Ametoka 11.0 mpaka 6.2, amepoteza gramu 4.8 katika kila desilita, ukizidisha kwa hizo desilita 12 na nusu unapata gramu 60 za himoglobini zilizovunjika. Haptoglobini kwenye lita moja ya plazima inabeba takriban gramu moja ya himoglobini, na yeye plazima yake haifiki lita. Kwa hivyo mikokoteni yote aliyokuwa nayo mwilini inabeba chini ya gramu moja. Hata kama sehemu ya kumi tu ya zile 60 ilimwagikia mshipani na zilizobaki zikavunjwa mahali pengine, bado ni gramu sita, zaidi ya mara sita ya uwezo. Ndo maana mkojo uligeuka. Himoglobini isiyo na mkokoteni inajigawa vipande viwili, vipande hivyo ni vidogo, vinapita kwenye chujio la figo, mirija ya figo inajaribu kuvinyonya virudi, ikishiba vinamwagika kwenye mkojo.

Na hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kitu cha pili: haptoglobini ikiwa sifuri haikuambii kwamba seli zimepasukia ndani ya mshipa. Watu wanaikariri hivyo na wanapotea. Hata pale makrofaji wanapozila seli, kuna himoglobini kidogo inawadondoka, na kwa kuwa uwezo wa haptoglobini ni mdogo namna hii, kudondoka kidogo kidogo kila siku kunatosha kuimaliza. Haptoglobini inakuambia seli zinavunjika. Haisemi wapi. Na huku kwetu kwenye malaria hata hilo la kwanza usiliamini moja kwa moja, watoto wengi wa maeneo haya wana haptoglobini ya chini kwa sababu ya malaria ya mara kwa mara bila kuwa wagonjwa wa damu, na kwa upande wa pili mtoto mwenye infeksheni kali ini lake linaimwaga kwa wingi mpaka inaweza kuonekana ya kawaida wakati seli zinavunjika kweli. Ninayoyaamini kwa swali la wapi ni plazima ya waridi na mkojo wenye himoglobini bila seli.

Sasa mama wa mtoto aliniuliza swali siku aliyokuja kuchukua majibu, nikaona ni swali bora kuliko mengi niliyosikia chuoni. Akasema: kaka, jirani yangu ana binti ana selimundu, macho yake ni manjano mwaka mzima, damu yake haipiti nane, lakini mkojo wake haujawahi kuwa hivi hata siku moja, kwa nini wangu siku mbili tu ukawa hivi?

Jibu ni bandama, wengine mnaliita wengu, na wenzake. Seli nyekundu inaishi siku 120 hivi na kila siku asilimia moja inazeeka na kuvunjwa, kwangu na kwako pia, na kazi hiyo inafanywa na makrofaji, zaidi ndani ya bandama. Bandama linazilazimisha seli zipite kwenye nyufa nyembamba sana kwenye kuta zake, nyufa zenye upana wa kama maikromita moja mpaka tatu wakati seli yenyewe ina upana wa saba mpaka nane. Seli changa laini inajikunja inapita. Seli iliyokakamaa, iliyo ya duara kama goroli, iliyobandikwa kingamwili, haipiti, na makrofaji wako hapo mlangoni wanaimeza nzima. Inavunjwa ndani ya tumbo la makrofaji, milango imefungwa. Himu inakatwa, chuma kinahifadhiwa kitumike tena, kinachobaki kinageuka kijani kwanza halafu manjano, ile kijani na manjano unayoiona kwenye goti lililovilia damu, na hiyo manjano ndo bilirubini.

Bilirubini hiyo ya mwanzo haiyeyuki kwenye maji, inasafiri imeshikilia alibumini, na alibumini haipiti kwenye figo. Kwa hivyo haingii kwenye mkojo. Inafika kwenye ini, inaunganishwa na sukari ili iyeyuke, inamwagwa kwenye nyongo, bakteria wa utumbo wanaigeuza urobilinojeni, kidogo inarudi kwenye damu na kutoka na mkojo. Rudi sasa kwenye dipstiki ya Jumamosi: bilirubini hakuna, urobilinojeni imepanda. Hiyo ndo sahihi ya damu inayovunjika. Kama manjano yake yangekuwa ya ini kuugua au nyongo kuziba, kile kipande cha bilirubini kingebadilika rangi. Na ile 72 nayo inaongea. Ini zima lina akiba kubwa ya kazi, kuvunjika kwa seli peke yake mara chache kunapandisha bilirubini kupita maikromoli 85 hivi, kwa hivyo ningeona 200 ningetafuta tatizo la pili, ini lenyewe au jiwe kwenye nyongo. Na mawe ya nyongo yanawapata sana wenye selimundu, kwa sababu ini linamwaga bilirubini nyingi miaka na miaka.

Kwa hivyo yule binti wa jirani seli zake kwa sehemu kubwa zinaliwa na makrofaji, polepole, kila siku, milango imefungwa, macho ya manjano na mkojo wa kawaida au wa manjano iliyokolea. Sio wote kabisa, kwa selimundu sehemu fulani inapasukia mshipani pia, lakini kidogo kidogo kiasi kwamba figo inaweza. Na kwake bandama lenyewe huziba na kusinyaa utotoni, kazi inaendelezwa na makrofaji wa ini. Wa huyu mama zilipasuka nyingi kwa siku mbili mshipani, kabla makrofaji hawajazifikia.

Lakini usiseme kwamba bandama la mtoto wetu lilikaa tu. Zile seli zilizong'atwa nilizoziona kwenye filamu, meno yale ni ya bandama. Seli yenye kijibonge cha Hainzi ikifika kwenye ufa, mwili wake laini unapita na kijibonge kigumu kinakwama, makrofaji anakinyofoa na kipande cha ukuta, seli inaondoka na pengo. Kwa hivyo mtoto mmoja, kemikali moja, njia mbili kwa wakati mmoja: zilizoungua vibaya zilipasukia mshipani, zilizoungua kiasi zikang'atwa au kumezwa. Ukisoma kwenye kitabu utakuta safu mbili zimetenganishwa kwa mstari, kwa mgonjwa ule mstari haupo. Daktari alipompapasa tumbo alilipata bandama kwa ncha ya kidole tu, na hakulitegemea sana, huku kwetu watoto wengi wana bandama linalopapasika kwa ajili ya malaria.

Kipimo cha G6PD kilifanywa na chupa yangu ya Jumamosi na kikarudi "kawaida". Hapa ndo mahali ambapo mtoto anaweza kuruhusiwa nyumbani na jibu la uongo. Kwenye aina ya upungufu iliyo kawaida Afrika kimeng'enya kipo kwenye seli changa na kinachakaa seli ikizeeka. Moto ukija unazichoma zile kuukuu zisizo nacho, zinabaki changa zenye nacho, na uboho unazidi kutoa nyengine mpya, siku ya tano retikulosaiti zake, yaani hizo seli changa, zilikuwa asilimia 14. Ukipima wakati huo unapima walionusurika. Ndo maana pia kwa aina hii kuvunjika huwa kunajizima kwenyewe baada ya siku kadhaa. Daktari aliandika kwenye kitabu: jibu hili lisitumiwe, arudiwe baada ya miezi mitatu.

Siku ya nane mama alimleta tena, mkojo mweupe safi, dipstiki ya damu hakuna kitu. Nikauzungusha, nikatandaza machicha kwenye kioo nikapaka rangi ya Perli, ambayo ni potasiamu ferosayanaidi na asidi haidrokloriki, na zile seli za mirija ya figo zilizojibandua zilikuwa na chembe za buluu ndani. Ni chuma cha himoglobini ambayo figo ilijitahidi kuinyonya wiki ile, imekaa ndani ya seli kama himosiderini na sasa seli zinapukutika nacho. Kama mama angechelewa kuja, mkojo ushasafika na plazima ishasafika, hicho kioo cha buluu ndo kingekuwa shahidi pekee aliyebaki kwamba damu ilipasukia mshipani. Kinaweza kubaki hivyo kwa wiki kadhaa.

Baada ya miezi mitatu himoglobini ilikuwa 11.4 na kipimo cha G6PD, kile cha tone linalong'aa chini ya taa ya urujuanimno, tone lake halikung'aa kabisa. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya eksi, mtoto wa kiume anaipata kwa mama, kwa hivyo nilimuuliza mama kama kuna mwanamume wa kwao aliyewahi kupata mkojo kama ule. Akafikiri, akasema mjomba wake mtoto, kakangu mkubwa, akiwa kijana alimeza dawa fulani akakojoa kama kahawa siku tatu, watu wakasema amerogwa. Wiki iliyofuata yule mjomba akaja, tukampima, tone lake nalo halikung'aa. Tukawaandikia wote wawili kadi yenye majina ya dawa za kukwepa, na bibi alikuwa ameshatoa tembe zote kwenye kasha akaweka udi na vilua vilivyokaushwa.